Saruji ya Msingi wa Tangi: Majibu ya Haraka kwa Maswali ya Hadiwea

Maandishi ya mazungumzo kwa wanunuzi wa vifaa vya ujenzi, soko la Kianjai



Mvua za Oktoba zinapokaribia, wateja wengi wanaoingia katika maduka ya hadiwea huwa na shughuli moja: tangi la maji ya paa. Tangi lenyewe huchaguliwa haraka. Maswali huanza mteja anapotaka kujua litakaa juu ya nini. Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kwenye kaunta, na majibu yake.

Chukulia mteja anayenunua tangi la plastiki la lita 5,000. Swali lake la kwanza huwa: "Si nitaliweka tu chini, pale pamekuwa sawa?" Hapana. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi hilo likijaa ni tani 5 zilizosimama mahali padogo. Udongo ukilainika upande mmoja tangi huinama, bomba la kutolea maji huvutwa, na plastiki hupasuka pale lilipoungwa. Tangi linahitaji bamba la zege juu ya mawe yaliyoshindiliwa vizuri.

Swali la pili: "Mifuko mingapi ya simiti?" Bamba la mita 2.5 kwa mita 2.5, lenye unene wa sentimita 15, ni karibu mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, bamba hilo linahitaji mifuko 6 ya kilo 50.

Hapo ndipo mteja husema: "Lakini fundi ameniambia mifuko 4 inatosha." Mara nyingi fundi hadanganyi. Yeye pia anachanganya moja kwa mbili kwa nne, ila anahesabu mfuko mmoja wa saruji, wilbaro mbili za mchanga na wilbaro nne za kokoto. Tatizo ni kwamba mfuko na wilbaro si kipimo kimoja. Mfuko wa saruji ukimwagwa hujaza takriban lita 35. Wilbaro ya kawaida hubeba karibu lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20. Kwa hiyo anayehesabu wilbaro ameweka mchanga na kokoto karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Zege litaganda, na litaonekana sawa siku ya kwanza. Udhaifu wake huonekana baadaye: uso unatoa vumbi ukifagiliwa, kingo zinabomoka kwa kukwaruzwa na msumari, na nyufa zinaanza maji yakijaa.

"Basi nipime na nini?" Na ndoo ile ile ya lita 20, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa kila mfuko mmoja wa saruji, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Kwa mifuko 6 ya tangi hili, ni ndoo 21 za mchanga na ndoo 42 za kokoto. Ndoo isawazishwe juu kwa ubao, isijazwe kwa kilima. Mteja anaweza kusimama kando na kuhesabu. Hahitaji kuwa fundi.

"Ninunue 32.5 au 42.5?" Namba hizo zilizochapishwa kwenye mfuko zinaonyesha nguvu ambayo saruji hufikia baada ya siku 28 ikipimwa katika maabara. Saruji ya 32.5 hutosha kwa kujengea mawe, plasta, sakafu na bamba kama hili linalolala juu ya ardhi. Ile ya 42.5 ni ya nguzo, mihimili na sakafu za ghorofa. Mteja asilipe zaidi kwa 42.5 akidhani itafidia ndoo zilizozidi. Kipimo kibaya huharibu zote mbili.

"Mchanga huu ni mzuri?" Jibu liko kwenye chupa. Tia mchanga kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ongeza maji, tikisa, kisha iache saa tatu bila kuigusa. Mchanga utatulia chini na tope litakaa juu yake. Ikiwa mchanga umefika sentimita 10, tope lisizidi sentimita 1. Likizidi hapo, saruji haitashika vizuri, na mchanga huo uoshwe au urudishwe kabla lori halijamwaga.

"Maji kiasi gani?" Kwa mfuko mmoja, mtungi mmoja na nusu wa lita 20 ni mwisho, na mchanga ukiwa na unyevu yapunguzwe. Mafundi hupenda zege la majimaji kwa sababu ni rahisi kulisukuma. Maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu vidogo ndani, na zege hilo huwa dhaifu. Zege zuri hukaa juu ya sepetu bila kutiririka.

"Wavu wa BRC ni lazima?" Kwa tangi la ukubwa huu ni vyema uwepo, kwa sababu huzuia nyufa kupanuka. Lakini wavu uliolazwa juu ya mawe na kumwagiwa zege haufanyi kazi. Uinuliwe kwa vipande vya zege, karibu sentimita 5 kutoka chini.

"Nitajuaje simiti haijakaa sana dukani?" Mteja aubonyeze mfuko pembeni. Ukiwa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, saruji hiyo imeanza kuganda ndani na isinunuliwe. Aangalie pia kama mifuko imepangwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Iliyolala kwenye sakafu hunyonya unyevu. Akitilia shaka uzito, ana haki ya kuomba mfuko upimwe. Akitilia shaka alama ya ubora ya KEBS, aandike ujumbe mfupi wa SM# ukifuatwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama, kisha autume kwa 20023. Risiti aiweke, kwa sababu bila risiti ni vigumu kurudisha kitu.

Swali la mwisho ndilo linaloulizwa kwa haraka zaidi: "Nitajaza maji lini?" Zege linywe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, likiwa limefunikwa kwa magunia au nyasi. Pale ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, wengi huacha hatua hii siku ya pili, na zege hukauka kabla ya kupata nguvu. Magunia yaliyolowa hupunguza maji yanayohitajika. Baada ya siku hizo 7 tangi tupu linaweza kuwekwa, likifungwa lisipeperushwe na upepo. Kulijaza kusubiri siku 28.

Kwa hesabu hiyo, anayetaka kukinga mvua ya katikati ya Oktoba anafaa kumwaga zege kufikia wiki ya pili ya Septemba. Anayekuja kununua mifuko mawingu yakiwa tayari yametanda auziwe saruji, lakini aambiwe wazi: mvua ya kwanza aikinge kwa mapipa, tangi lisubiri.