Tufute "Kuwawezesha", Tuandike Tutakachohesabiwa

(Haya ni maneno niliyosema kwenye semina ya vijana wa kata yetu, Temeke. Wengi mliomba niyaandike. Nimeondoa salamu na utani, mengine yapo kama yalivyotoka.)

Sitachukua muda, najua wengine mmeacha bodaboda hapo nje na jua la Mbagala mnalijua.

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuchapa upya dira na dhamira ya vijana wa tawi, kwa sababu karatasi ya zamani ilikuwa imechanika ukutani. Dira ilisema hivi: "Kuwa jukwaa shirikishi la vijana wazalendo, wabunifu na wenye maono, linaloongoza mageuzi endelevu." Dhamira ikasema: "Kuwawezesha vijana kiuchumi, kisiasa na kijamii kwa weledi na uwajibikaji."

Nilipomaliza kuchapa, nikafuta jina la chama nikampa kaka yangu asome. Yeye siasa hafuatilii kabisa. Nikamuuliza, hii ni karatasi ya nani? Akasema, "Ya benki?" Nikamwambia hapana. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni wale wa shirika wanaogawa tisheti."

Nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi vizuri. Maneno ambayo benki inaweza kuyabandika mlangoni, na umoja wa vijana wa chama tawala ukayabandika vilevile, yanamwambia nini kijana wa Chamazi kuhusu sisi?

Kuna njia nyingine ya kujua sentensi ni tupu: igeuze. Hivi umewahi kumsikia mtu amepanda jukwaani akasema anataka vijana wasio wabunifu, au mageuzi ya wiki mbili tu? Kama hakuna anayeweza kuipinga sentensi yako, basi na wewe hujachagua kitu. Na swali la mwisho, ambalo ndilo zito: siku tukishindwa, tutaangalia nini ili tujue tumeshindwa? Kwa ile karatasi yetu, hakuna. Tungeweza kulala miaka mitano na bado tukasema tumewawezesha vijana.

Tusiwacheke wenzetu peke yao hapa. Mwaka 2005 chama tawala kilisema "Maisha Bora kwa Kila Mtanzania", na mwaka 2015 kikasema "Hapa Kazi Tu". Ni kweli hakuna aliyetuambia maisha bora ni sahani ngapi za chakula. Lakini mwaka huohuo wa 2015 sisi upinzani tulizunguka nchi nzima na neno moja, "Mabadiliko". Ukituuliza kutoka nini kwenda nini, na kwa tarehe gani, kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Nchi hii imewahi kuandika ahadi inayopimika. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ikifika 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Angalieni kilichomo. Kuna mwaka, na kuna umbali ambao mama mwenye ndoo anaweza kuuhesabu kwa hatua zake mwenyewe. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Na hilo hakuna aliyeweza kulificha, kwa sababu mita 400 ni mita 400.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaibeba ile mita 400 na kuikamilisha: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 250, na maji yapatikane mwaka mzima. Kila nyongeza inaziba tundu. Bila "watu 250", unaweza kuweka bomba moja kwa kijiji kizima ukasema umbali umetimia. Bila "mwaka mzima", utahesabu kisima kinachokauka kila kiangazi. Na hata kwa lugha hiyo, kosa linarudi pale mtu anapohesabu vituo vilivyojengwa badala ya vituo vinavyotoa maji. Pampu iliyokufa ipo kwenye ripoti, lakini kwenye ndoo haipo.

Sasa turudi kwetu, kwenye neno "kuwawezesha". Neno hili serikali yenyewe ililazimika kulipa namba. Kwa miaka mingi halmashauri ziliagizwa tu kutenga fedha kwa ajili ya wanawake na vijana; zilizotaka zilitenga, zisizotaka zilisema hali ni ngumu. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ikaongezwa kifungu cha 37A. Kinataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Tufanye hesabu pamoja. Halmashauri ikiwa na mapato ya ndani ya shilingi bilioni 1 yanayoingia kwenye hesabu hiyo, ya vijana ni milioni 40. Nasema "yanayoingia kwenye hesabu" kwa sababu kuna mapato yaliyofungwa kwa matumizi maalumu ambayo huondolewa kwanza. Kwa hiyo ukisikia "tumetoa asilimia 4", uliza: asilimia 4 ya shilingi ngapi? Tangu namba ilipoingia kwenye sheria, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kuandika halmashauri gani imetenga pungufu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa baadaye, na tuliweza kubishana kuhusu usimamizi wake kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuhesabu. "Kuwawezesha" peke yake hakuna mkaguzi anayeweza kukikagua.

Basi tukakaa vijana saba, tukaamua dira ya tawi kwa kipindi hiki iwe sentensi moja: "Kijana yeyote wa kata yetu ajue, bila kumjua mtu, mkopo wa asilimia 4 unaombwaje, kikundi gani kimepata, na kiasi gani." Ni ndogo, sawa. Lakini inapimika. Unakwenda kijiwe cha bodaboda, saluni, kwa wauza chipsi na uwanjani. Kila mahali unawauliza vijana kumi maswali hayo matatu. Tulianza kwa kuuliza kabla hatujafanya lolote. Katika 40, waliojibu yote matatu walikuwa sita. Tukaandika lengo: wafike 25.

Dhamira ilitutoa jasho, tuliikosea mara mbili. Mara ya kwanza tuliandika: "Kuendesha semina 12 za mikopo kwa mwaka." Ina namba, tukapiga makofi. Tulipoendesha tatu tukagundua watu wanakuja, wanakunywa soda, wanaondoka. Semina tunazihesabu, maombi hayapo. Ile namba ilipima jasho letu, haikupima kilichotokea.

Mara ya pili tukaruka upande wa pili: "Vikundi 10 vipate mkopo." Hapo tukaahidi kitu ambacho sio chetu kutoa. Anayeamua ni halmashauri. Wakinyimwa tutalaumu wengine, wakipata kwa juhudi zao wenyewe tutajipa sifa. Dira inaweza kueleza hali tunayotaka kuiona mtaani, lakini dhamira lazima iwe kazi iliyo mikononi mwetu.

Ya tatu ndiyo hii iliyopo ukutani sasa:

"Kufikia 30 Juni 2027 tuwe tumevisaidia vikundi 10 vya vijana wa kata, wawe wanachama au sio, kuwasilisha maombi ambayo hayarudishwi kwa upungufu wa nyaraka. Ndani ya siku 14 baada ya kila awamu ya mikopo, tubandike kwenye mbao za matangazo za mitaa yote majina ya vikundi vilivyopata na kiasi. Tusipopewa taarifa, tubandike barua yetu ya kuomba, yenye muhuri wa kupokelewa."

Kile kipande cha muhuri kina kazi. Bila hicho tungesema "tulifuatilia" na yakaishia hapo. Sasa ama kuna karatasi ya majina, ama kuna barua yenye muhuri, ama tumeshindwa. Na anayehesabu sio mwenyekiti wala mimi. Ni wanachama wawili na jirani mmoja asiye na kadi, fundi cherehani ambaye hatupendi wala hatuchukii.

Mpaka leo vikundi vilivyowasilisha ni vinne. Kimoja kilirudishwa kwa sababu andiko la mradi halikuwa na mchanganuo wa gharama. Hicho hatukihesabu, kwa hiyo tunavyo vitatu. Inauma kusema mbele yenu, lakini ndivyo sentensi inavyosema.

Mwenyekiti wangu alinipinga, na nimemwomba ruhusa kulisema hili. Aliniambia, "Mdogo wangu, unawapa wapinzani wetu silaha. Tukifika vitatu watatusema." Nikamjibu, kaka, ni kweli watatusema. Lakini kila wiki tunasimama hapa kuwadai wao namba: madarasa mangapi, fedha zimekwenda wapi. Tunawezaje kudai kwa mwenzetu kipimo ambacho sisi tumekikimbia? Hakukubali moja kwa moja. Alichosema ni, "Haya, bandika, lakini na jina lako liwepo." Lipo.

Wengine mtauliza, je haki, je utu, hivyo navyo tuvipime kwa mita? Hapana. Ila hata neno "haki" unaweza kuliteremsha chini likagusa ardhi. Sisi tuliandika: "Hakuna atakayeombwa kadi ya chama kabla ya kusaidiwa kujaza fomu." Hiyo haina namba, lakini akitokea kijana mmoja tu aliyeombwa kadi, tumevunja neno letu na yeye ndiye shahidi. Mengine ya haki yamebaki nje ya ile karatasi, na hatukujifanya tumeyamaliza.

Mkirudi kwenye matawi yenu, chukueni karatasi iliyo ukutani, funikeni jina la chama, mpeni mtu asiyewajua. Akisema ni ya benki, mnajua pa kuanzia.

Ya kwetu ipo ofisini, ukuta wa kushoto ukiingia. Tarehe 30 Juni 2027 njooni na kalamu.