"Ni Mvuke Tu, Mama"

Leo tuzungumzie ile sigara ya betri ambayo vijana huiita vepu. Mzazi huiona kwenye mkoba wa shule akadhani ni kalamu. Akiuliza, kijana humjibu: "Ni mvuke tu, mama, si moshi."

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ndani ya vepu hakuna majani yanayoungua. Betri hupasha moto maji mazito yenye glisirini, manukato na, mara nyingi, nikotini. Kwa hivyo haina lami ya tumbaku, na ile gesi ya jiko la makaa inayoua watu waliolala wamefunga madirisha ni kidogo sana. Mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, akiiacha kabisa na kushika vepu, hupata sumu chache zaidi. Akivuta zote mbili, nafuu hiyo haipo.

Lakini si mvuke kama wa sufuria ya chai. Ni matone madogo sana ya kemikali, kama dawa ya mbu ya kupuliza, na hufika hadi ndani ya mapafu. Kijana atakuambia ladha hizo zinatiwa hata kwenye peremende. Ni kweli, lakini peremende huenda tumboni. Kilicho salama tumboni huenda kisiwe salama kifuani.

Marekani waliliona hili mwaka 2019. Watu, wengi wao vijana, walifika hospitalini wakikohoa, wakihema, wana homa na maumivu ya kifua, wengine wakitapika na kuhara. Ilionekana kama nimonia, lakini antibayotiki hazikusaidia. Kufikia Februari 2020, zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki. Waliofariki ni 68. Wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi ya magendo, yaliyochanganywa na aina ya vitamini E ambayo watu huimeza kwenye vidonge bila madhara. Vepu ya kawaida ya nikotini si hiyo, ila mnunuzi wa mtaani hajui kilichomo.

Hata ile ya kawaida huwasha koo, huleta kikohozi, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Je, italeta saratani ya mapafu? Hilo bado halijulikani. Madhara ya sigara huchukua miaka 20 au 30 kujitokeza, nazo vepu zilianza kuuzwa Uchina mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Basi kama nyumbani kuna mtoto wa pumu, vepu isivutwe ndani, hata dirisha likiwa wazi. Kichupa chake kifungiwe mbali na watoto wadogo, kwani nikotini ikinywewa ni sumu. Na kijana akianza kuhema, mpeleke hospitali upesi. Mwambie daktari anavuta nini, na kifaa chenyewe ukibebe. Usimfokee njiani, asije akaficha.