Samaki Uliyemwona Kwenye Kioo Tayari Umempita

Msikilizaji, boti nyingi za faiba zinazoteremshwa majini siku hizi huja na kioo kidogo karibu na usukani. Mafundi hukiita ekosaunda, wavuvi wengi hukiita fishfainda. Nahodha anakiwasha, anaona mstari mnene chini, na juu yake madoa na vitao vya rangi nyekundu na njano. Mabaharia wanakusanyika, mmoja anasema samaki hao, nyavu zinateremshwa. Zinarudi tupu. Ikitokea hivyo mara kadhaa, kioo kinaitwa mwongo, kinafunikwa gunia, na fedha ya watu imekwenda. Mimi nasema kioo kile hakikudanganya. Aliyekiuza hakumweleza mnunuzi kinapima kitu gani, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kinapima muda, basi. Chini ya boti, karibu na mkuku au nyuma kwenye tezi, kumefungwa kidude cheusi kiitwacho transdusa. Ndani yake mna kisahani cha kauri ambacho umeme ukipita hutetemeka, na mtetemo huo hutoa mlio mfupi sana kuelekea chini, mara nyingi usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mlio ukishatoka, kisahani hunyamaza na kuanza kusikiliza. Mwangwi ukirudi, unakitikisa kisahani, nacho kinatoa umeme kidogo unaopelekwa kwenye kioo. Katika bahari yetu yenye joto la nyuzi 28 hivi, sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mashine huchukua muda wa kwenda na kurudi, huuzidisha kwa mwendo huo, kisha hugawa kwa mbili.

Tuweke mfano. Boti iko kwenye mkondo kati ya Unguja na bara, maji yana kina cha mita 40. Mlio unashuka mita 40 na mwangwi unapanda mita 40, jumla mita 80, na safari nzima inachukua sekunde 0.052. Sasa, mashine nyingi zimetoka kiwandani zikiwa zimewekewa mwendo wa mita 1,500 kwa sekunde. Kwa muda ule ule, mashine ya namna hiyo itaandika mita 39. Kasoro ya mita moja haimsumbui mvuvi. Inamsumbua mtu anayechora ramani ya bahari, ndiyo maana wapima bahari hushusha chombo maalumu cha kupima mwendo wa sauti mahali pale pale wanapofanyia kazi.

Waliobuni kifaa hiki hawakuwa wakitafuta samaki. Baada ya meli ya Titaniki kuzama mwaka 1912, Mjerumani Alexander Behm alitaka njia ya kutambua milima ya barafu kwa sauti. Barafu haikumrudishia mwangwi wa kutosha, lakini sakafu ya bahari ilirudisha vizuri, na mwaka 1913 akapata hataza ya kupima kina. Samaki walikuja baadaye. Mwaka 1935 Mnorwe Oscar Sund alichapisha michoro ya mwangwi kutoka Lofoten, iliyoonyesha chewa wa bahari ya baridi wamejipanga kama tabaka katikati ya maji. Michoro ile ilichorwa kwenye karatasi iliyokuwa ikisogea polepole, na kila mlio uliacha alama yake pembeni mwa alama ya mlio uliotangulia.

Kioo cha leo kinafanya kazi hiyo hiyo ya karatasi. Ukingo wa kulia kabisa ndio sasa hivi. Kila kilicho kushoto kwake kimepita, na kadiri kilivyo kushoto zaidi ndivyo kilivyopita zamani zaidi. Kioo hakina habari kwamba boti inakwenda. Tia nanga, zima mashine ya boti, na kioo kitaendelea kusogeza alama zake kuelekea kushoto vile vile. Wengi hudhani wanatazama picha ya kilicho chini ya boti kutoka omo hadi tezi, kumbe wanatazama kumbukumbu ya saa.

Na kitao kinatoka wapi, ilhali samaki hajajikunja? Sauti haishuki kama uzi. Hutanuka kadiri inavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Kwa mlio wa kilohezi 50, pembe ya mtanuko huo inaweza kufika nyuzi 40. Samaki akiwa ametulia kwenye kina cha mita 20, duara la sauti mahali alipo lina upana wa karibu mita 14 na nusu. Boti inakuja kwa mwendo wa noti 4, yaani mita 2 kwa sekunde. Samaki anapoguswa na ukingo wa mbele wa duara, umbali wake kutoka kwenye transdusa si mita 20, ni mita 21 na kitu, kwa sababu yuko mshazari. Boti inamkaribia, umbali unapungua, na anapokuwa chini yake kabisa unakuwa mita 20 kamili. Kisha boti inampita na umbali unaongezeka tena. Mashine inayojua umbali tu itachora alama inayopanda halafu inashuka. Hicho ndicho kitao.

Safari ya kulivuka duara hilo inachukua sekunde saba hivi. Kitao kinapokamilika, samaki ameshabaki mita 7 nyuma ya transdusa. Mkibishana nusu dakika kama ni samaki au si samaki, huku boti inakwenda, mmeongeza mita 60. Nyavu zilizorudi tupu pengine zilishushwa mahali ambapo hapakuwa na samaki tangu mwanzo. Mvuvi mwenye uzoefu hubonyeza alama ya mahali kwenye jipiesi mara tu kitao kinapofika kileleni, kisha hugeuza chombo na kurudi juu ya alama ile. Urefu wa kitao nao usikuambie urefu wa samaki. Samaki mdogo akikaa chini ya boti iliyotia nanga atachora mstari mrefu kioo kizima, na jodari mkubwa anayekatiza kwa kasi anaweza kuacha kidoa tu.

Rangi nazo zina jambo lake. Nyekundu maana yake mwangwi ni mkali, wala si kwamba samaki ni mkubwa. Nyama ya samaki inakaribiana sana na maji, kwa hiyo sauti nyingi hupenya na kwenda zake. Kinachoirudisha hasa ni hewa iliyomo tumboni, kwenye kile kibofu ambacho wavuvi wa Ziwa Viktoria hukiita bondo wanapokitoa kwa sangara na kukiuza. Papa na taa hawana kibofu hicho. Papa wa kilo mia moja anaweza kuonekana hafifu kuliko kundi la samaki wadogo wenye vibofu. Tena mashine haijui jina la samaki yeyote. Watafiti wanaopima wingi wa dagaa katika Ziwa Viktoria kwa sauti huburuta pia wavu kwenye maji hayo hayo, wakahesabu nini kimeingia, kwa sababu bila wavu wangebaki na mwangwi usio na mwenyewe.

Kuna mahali pawili ambapo kioo hakioni, na kwa bahati mbaya ndipo wavuvi wetu wengi wanapovulia. Pa kwanza ni juu. Transdusa inatazama chini, na maji yaliyo juu yake, pamoja na mita chache zilizo karibu nayo, yanapotelea kwenye kelele ya mlio wenyewe. Dagaa hupanda usiku, na mvuvi wa karabai au taa za sola huwavuta wakaribie uso wa maji zaidi. Mvuvi huyo asishangae kuona kioo cheupe huku maji yakichemka samaki ubavuni mwake. Kwake yeye faida ya kioo ni kujua kina, na pengine kuona makundi jioni kabla hayajapanda. Wenye meli kubwa za nyavu za kuzungusha hutumia sona, ambayo ni ndugu wa ekosaunda lakini mlio wake huelekezwa pembeni, ukizunguka chombo pande zote.

Pa pili ni chini, sakafuni. Mwangwi wa kwanza wa sakafu hutoka chini ya boti kabisa, mita 40 katika mfano wetu. Samaki aliye kwenye ukingo wa duara, mita moja juu ya mwamba, yuko mbali zaidi ya mita 41 kwa mshazari. Mwangwi wake unafika baada ya ule wa sakafu na unamezwa nao. Changu na chewa wanaokaa kwenye nyufa za mwamba wanaponea hapo. Kubadili kwenda kilohezi 200, ambayo kwa kawaida pembe yake ni nyembamba zaidi, hupunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Lakini mlio wa juu namna hiyo humezwa na maji haraka, hivyo kwenye kina kikubwa utarudi kwenye 50.

Wapo pia wanaolaumu mashine kwa kosa la fundi. Mapovu ya hewa ni ukuta kwa sauti. Transdusa ikifungwa karibu na rafadha, au juu mno kwenye tezi, boti ikishika kasi maji yanayopita chini yake hujaa mapovu. Dalili yake ni rahisi: kwa mwendo mdogo mstari wa sakafu umekaza, ukiongeza mafuta unakatika-katika au kioo kinajaa michirizi ya kusimama. Hapo dawa ni kuishusha transdusa au kuihamisha, na hakuna kitufe kitakachosaidia. Ukungu uliotandaa kioo kizima ni jambo jingine. Punguza unyeti wa mashine kidogo kidogo. Ukungu wa vijidudu na takataka utafifia kwanza, samaki watabaki.

Ndiyo maana nawaomba wanaouza na wanaokopesha vifaa hivi waweke nusu siku ya kwenda baharini na mnunuzi, wakiwa na bildi. Mtu atie nanga mahali patulivu penye mchanga, maji yakiwa kati ya mita 5 na 10, ashushe bildi ubavuni mpaka iguse, apime kamba kutoka uso wa maji. Kisha asome kioo. Kioo kikiwa pungufu kwa nusu mita, huenda huo ni urefu wa maji yaliyo juu ya transdusa, na mashine nyingi zina sehemu ya kuingiza tofauti hiyo. Apime pia mkuku unashuka kiasi gani chini ya transdusa, aandike kwa kalamu isiyofutika pembeni mwa kioo. Anayepita juu ya fungu wakati maji yanakupwa anahitaji kujua maji yaliyobaki chini ya mkuku, na tarakimu ya kioo, isiporekebishwa, huanza kuhesabu kutoka kwenye transdusa.