Tunatafuta watu 40 wa kusimama kwa barabara na kutoa maji: maneno tuliyosema kwa mkutano wa vijana wa Kalemie



Mbio ya Siku ya Mungu ijayo munaijua: kilometa 5, watu 300 wamekwisha kujiandikisha, na makuta yote inaenda kulipia wamama waliozaa na wanabakizwa hospitali juu ya deni. Wakimbiaji tuko nao. Wenye tunakosa ni watu 40: 30 wa kusimama kwa barabara na 10 wa maji. Tuseme wazi tangu mwanzo: hakuna perdiyemu, hakuna transporti. Jile utapewa asubuhi na utairudisha. Kila franka tungelipa mtu wa kusimama ni franka inayotoka kwa mama mmoja wa wale.

Barua ya kujulisha meri imefika na imepigwa muhuri, sawa Katiba inavyoomba kwa kifungu cha 26. Polisi wa barabara watakuwepo. Lakini polisi hawatatosha kwa kila kona, na hapo njo kazi yenu inaanzia.

Tuanze na barabara. Tunatoka kwa uwanja, tunafuata barabara ya Lumumba kilometa 2 na nusu, tunageuka, tunarudi kwa njia ileile. Kwa njia hiyo tumehesabu kona 11. Kila kona itakuwa na watu 2, ni 22. Wawili kwa mahali pa kugeukia, wawili wa kufunga mbio, na 4 wa akiba. Jumla 30.

Sasa musikilize hesabu hii, juu ndiyo inaokoa watu. Chukua kona iliyo kilometa 1 kutoka uwanja. Mkimbiaji wa kwanza atakupita dakika ya 4. Wa mwisho, yule mama anayetembea na mtoto wake, atakupita kama dakika ya 12. Utaona barabara tupu na utafikiri kazi imeisha. Haijaisha. Yule wa kwanza anarudi kwako dakika ya 15, na yule mama anarudi dakika ya 48. Kwa hiyo kona yako iko wazi karibu dakika 45, na hatari kubwa iko mwishoni: kundi limekwisha kupita, polisi ameanza kuzungumza na simu, motari wamechoka kungoja, na wanaobaki kwa barabara ni watoto na watu wazima wanaotembea. Mtu akiondoka dakika ya 20, ametuachia kona bila mlinzi kwa wale wanaoihitaji zaidi.

Njo maana tunaweka wafungaji. Ni watu wawili wanaotembea nyuma ya wote na bendera nyekundu. Utawaona mara mbili: wakienda na wakirudi. Mara ya kwanza hautoki. Mara ya pili unawafuata hadi uwanjani. Hakuna mtu mwingine anaweza kukuambia utoke, hata sisi wa kamati kwa telefone.

Na motari? Musisahau: sisi hatuna haki ya kusimamisha gari wala moto. Haki hiyo ni ya polisi. Sisi tunaonyesha, tunaomba, tunaeleza. Simama pembeni, mahali dereva atakuona kutoka mbali, si katikati ya barabara. Usishike gido ya moto ya mtu. Sema: «Kaka, dakika mbili tu, watoto wanapita.» Tumekwisha kuongea na shirika la motari, na kwa kona kubwa mmoja wao atasimama pamoja na wenu, juu motari anamsikia motari mwenzake haraka kuliko anavyotusikia sisi. Moto ikibeba mgonjwa ao mama wa kuzaa, inua mikono yote mbili kwa wakimbiaji, wasimame, moto ipite. Mbio inaweza kungoja. Mgonjwa hawezi.

Mtu akianguka mbele yako, mmoja anamwingiza kwa kivuli na kupigia wa Msalaba Mwekundu, mwingine anabaki kwa kona. Usimpe maji mtu asiyejibu vizuri unapomuita. Kama anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka na mwili wake ni moto sana, sema hivyo kwa telefone kabla ya kusema jambo lingine.

Sasa maji. Sisi wa Kalemie hatuhitaji kufundishwa kolera ni nini. Kila mwaka tunaiona. Kuwapa watu 300 maji mabaya kwa asubuhi moja kungekuwa aibu ambayo hakuna pesa ya mbio inaweza kulipa. Kwa hiyo maji ya ziwa hapana, hata kama inaonekana safi. Tunachota kwa robine siku ya Posho jioni, kwa bidoni za lita 20 zilizosuguliwa na sabuni. Kama maji iko na vumbi, tunachuja kwanza na kitambaa safi. Kisha tunatia kidonge cha klore cha lita 20, kimoja kwa kila bidoni, tunafunga na kungoja dakika 30. Maji itanuka javeli kidogo. Musione haya: mtu akilalamika, mwambie harufu hiyo ndiyo alama kwamba imetengenezwa.

Ni ngapi? Tunajaza kopo nusu, mililita 150, juu mtu anayekimbia akipewa kopo lililojaa anamwaga mengi. Watu 300 mara mililita 150 ni lita 45. Ingine inamwagika, wengine wanaomba mara ya pili. Tutapeleka bidoni 4 mahali pa kugeukia. Uwanjani tutaweka 6, na hapo kila mtu anajaza chupa yake mwenyewe aliyoacha kwa meza. Sasheti hatutaki, serikali imezikataza tangu Desemba 2017, na tena zitajaza mtaro.

Kwa mahali pa kugeukia tunaweka meza mbili, mita 20 kati yake. Wote wanapenda kukimbilia meza ya kwanza, wa kwanza apige kelele: «Mbele iko ingine!» Makopo 100 yawe yamejazwa kabla ya dakika ya 9, wakati wa kwanza anafika. Maji inatoka kwa ndoo yenye robine. Hakuna anayeingiza kopo ndani ya ndoo. Weka kopo juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole visiguse mdomo wake. Kopo likitumika linaenda kwa mfuko, halirudi mezani.

Sharti moja halina mjadala: kama wewe ao mtu wa nyumba yako ameharisha wiki hii, hauji kwa maji. Tuambie tu, hakuna atakayekuuliza sana, na tutakupa kona.

Wengi wetu tuko na diplome kwa sanduku na hatuna kazi. Asubuhi ya Siku ya Mungu tuko nayo. Anayekubali aandike jina kwa daftari leo, na aseme: barabara ao maji. Posho saa 9 ya mchana tunatembea njia yote pamoja, na kila mmoja anaonyeshwa mahali pake. Asiyetembea Posho hatapewa kona Siku ya Mungu, maana hatajua moto zinatokea wapi. Siku yenyewe tunakutana uwanjani saa 11 ya asubuhi, mbio inaanza saa 12 na nusu, kabla ya jua kali.

Daftari iko hapa mbele. Wa kwanza ni nani?