Shilingi Arobaini kwa Siku

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)

Leo twataka kuwapa hadithi ya mama mmoja auzaye nyanya katika soko la Muthurwa. Wengi wetu tunao wake au dada wanaouza sokoni, na hesabu hii huingia katika nyumba zetu.

Mama huyu alikopa Shs. 6,000/- kwa mtu akopeshaye wachuuzi. Mapatano yalikuwa kulipa Shs. 240/- kila jioni kwa siku 30. Katika hizo, Shs. 200/- zapunguza deni na Shs. 40/- ni ada. Mama akasema moyoni, "Arobaini ni nini? Ni chai na mandazi." Alipomaliza alikopa tena, na tena, mpaka mwaka ukaisha.

Mwezi mmoja biashara ilikuwa nzuri. Siku ya 15, baada ya kulipa, akajikuta na Shs. 3,000/- za ziada. Akamwendea yule mtu, akamwambia, "Nimekwisha kurudisha nusu. Pokea hii nusu nyingine, tumalizane."

Mtu yule akafungua daftari akasema, "Mama, bado Shs. 3,600/-."

"Za nini? Siku 15 zilizobaki sitakuwa na pesa zako!"

"Ada ya mkopo ni Shs. 1,200/-. Ulipe mapema, ulipe mwisho, ni ile ile. Tumeigawa kwa siku ili isikuumize."

Mama akarudi na fedha zake mkononi. Jioni akamweleza mtoto wa kaka yake, ambaye ni mwenzetu wa relwe. Kijana akamwomba maharagwe 30, akayapanga mezani.

"Shangazi, kila haragwe ni Shs. 200/-. Siku ya kwanza unayo yote 30. Kila jioni unarudisha moja. Siku ya mwisho asubuhi yamebaki mangapi?"

"Moja."

"Na jioni hiyo unalipa ada kiasi gani?"

Mama akanyamaza kidogo. "Arobaini."

"Basi kwa Shs. 200/- ulizokaa nazo siku moja, umelipa Shs. 40/-. Siku ya kwanza arobaini ilikuwa ada ya elfu sita. Deni limekuwa likishuka kila siku, lakini ada imesimama pale pale."

Ndugu, hapa ndipo penye siri. Mkopeshaji husema, "Nakutoza 20 kwa mia," kwa kuwa 1,200 ni sehemu ya tano ya 6,000. Lakini mama hakukaa na elfu sita mwezi mzima. Alianza na maharagwe 30, akamaliza na moja. Ukisawazisha siku zote, alikuwa na 15 na nusu, yaani Shs. 3,100/-. Kwa hizo alilipa Shs. 1,200/-. Hiyo ni karibu 39 kwa mia kwa mwezi mmoja, maradufu ya ile aliyoambiwa.

Kijana akaendelea na hesabu ya mwaka. Mikopo 12, kila mmoja ada Shs. 1,200/-, jumla Shs. 14,400/-. Fedha hizo zingenunua mtaji wake wote mara mbili, na zikabaki Shs. 2,400/-. Lakini mwisho wa mwaka mama hakuwa na mtaji hata senti, kwa sababu kila mwezi aliurudisha kidogo kidogo, kisha akaukopa upya.

Tulinganishe. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza 1 kwa mia kwa mwezi, kwa deni lililobaki tu. Elfu sita iliyokaa mwezi mzima ingelipiwa Shs. 60/-. Ni kweli kwamba huko hutakiwa akiba kwanza na wadhamini, na fedha hazitoki siku ile ile. Ndiyo sababu wachuuzi huwakimbilia wakopeshaji wa sokoni.

Mama alifanyaje? Alilipa mkopo ule mpaka mwisho, maana kuumaliza mapema hakukumpunguzia kitu. Zile Shs. 3,000/- hakuzigusa; zikawa mtaji wake wa kwanza. Mkopo ulipokwisha hakukopa tena. Alinunua nusu ya nyanya alizozoea, akagawana kreti na jirani yake wa meza. Faida ilipungua, na wateja wengine walikwenda kwingine. Lakini kila jioni aliweka Shs. 120/-, nusu ya malipo ya zamani. Kwa siku 25 akapata elfu tatu nyingine. Elfu sita ikawa yake.

Basi ndugu, ukiambiwa ada ya siku, uliza maswali mawili kabla ya kupokea. Deni likipungua, ada nayo itapungua? Nikilipa mapema, nitasamehewa ada ya siku zilizobaki? Akijibu hapana kwa yote mawili, panga maharagwe mezani uhesabu kwanza.