Kubadilisha Maneno Si Kubadilisha Kaulimbiu



Kuna kanuni inayopita mdomo kwa mdomo katika kampuni za matangazo. Hivi karibuni nimemsikia mwenzangu wa masoko akiitetea mbele ya wanafunzi: badilisha nusu ya maneno ya kaulimbiu ya mshindani, nawe uko salama. Hoja zake ni tatu. Maneno machache hayana hakimiliki. Kaulimbiu nyingi hazijasajiliwa kuwa alama za biashara. Na maneno ya kawaida ni ya watu wote.

Kuhusu hakimiliki sina ugomvi naye. Kuhusu usajili, wanasheria waliomo humu wanajua kwamba hata kaulimbiu isiyosajiliwa inaweza kulindwa, mwenyewe akithibitisha kwamba amejijengea sifa kwayo, kwamba wateja wanapotoshwa wakadhani bidhaa ya mwingine ni yake, na kwamba jambo hilo linamuumiza. Nayapita hayo upesi. Kinachonikera ni hesabu ya nusu, kwa sababu inachukulia kaulimbiu kuwa mfuko wa maneno, kana kwamba ukitoa mawili ukaweka mengine mawili umepata mfuko mpya.

Tuichukue kaulimbiu ambayo Mkenya yeyote mtu mzima anaijua, ile ya Tusker: "Bia yangu, nchi yangu." Maneno ni manne, na moja limerudiwa. Hesabuni mizani: bi-a-ya-ngu, nne, n-chi-ya-ngu, nne. Vina vya kati na vya mwisho ni vilevile. Kwanza kinatajwa kitu kidogo unachokishika mkononi, kisha kitu kikubwa unachokipenda, na kimilikishi kimoja kinavifunga viwili hivyo pamoja.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anatengeneza bia kwa kiwango kidogo huko Kilifi, alinijia na mchoro wa bango lake. Lilisema: "Kiu yangu, pwani yangu." Kwa kanuni ya mwenzangu, kijana yule alikuwa amefaulu mtihani. Bia imeondoka, nchi imeondoka, nusu ya maneno ni mapya kabisa. Lakini hesabuni: ki-u-ya-ngu, nne, pwa-ni-ya-ngu, nne. Kina kiko palepale. Kitu kidogo changu, mahali pakubwa pangu. Alichobadilisha ni nyama. Mifupa yote ameiacha. Isitoshe, bidhaa ni ileile na rafu ya dukani ni ileile.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nafika kwenye hukumu ninayoipenda kuliko zote katika uwanja huu. Ni ya mwaka 1962, ya Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano nchini Marekani, kati ya Chemical Corporation of America na Anheuser-Busch, watengenezaji wa Budweiser. Kwa Kiswahili, kaulimbiu ya bia hiyo ingekuwa hivi: palipo na uhai, pana Bud. Kampuni ya kemikali ikatoa dawa ya kung'arishia sakafu iliyochanganywa na kiua wadudu, ikaitangaza kwa kaulimbiu: palipo na uhai, pana wadudu. Katika Kiingereza, neno walilolitumia kwa wadudu linaanza kwa sauti ileile ya jina la bia. Utani mzuri, na neno lililobadilika ni moja tu, la mwisho.

Zingatieni ugumu wa kesi ile. Hakuna mnywaji anayekwenda dukani kununua bia akarudi na dawa ya sakafu. Makampuni hayo hayakuwa washindani hata kidogo. Hata hivyo mahakama ilikubali zuio lililotolewa dhidi ya kampuni ya kemikali. Msikilizaji akisikia mwanzo wa sentensi, mwendo wake, na pale inaponyamaza kabla ya neno la mwisho, tayari ameikumbuka bia. Kisha analetewa wadudu mahali pa kinywaji. Kama mwendo wa sentensi uliweza kuvuka kutoka baa hadi kwenye ndoo ya kupigia deki, utashindwaje kuvuka kutoka bia hadi bia?

Zipo hukumu nyingine. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika shauri la Nestlé na Mars kuhusu Kit Kat, iliamua kwamba kipande cha kaulimbiu kinaweza kupata upekee wake kwa kutumika ndani ya kaulimbiu ndefu. Mwaliko wa kupumzika, hata ukitenganishwa na jina la chokoleti, unaweza kumtambulisha mwenyewe.

Basi tunapimaje? Kwanza, tafuta kwenye daftari la alama za biashara la KIPI, au BRELA kwa upande wa Tanzania Bara, katika daraja la 32 ambamo bia imo. Lakini daftari halitoshi: sikiliza pia matangazo ya redio na uangalie mabango, ya zamani na ya sasa, kwa sababu kaulimbiu nyingi huishi huko bila kusajiliwa.

Pili, pima kwa sikio. Msomee mnywaji wa kawaida kaulimbiu mpya mara moja, bila jina la bidhaa, kisha umuulize: hii ni ya nani? Usimuulize kama inafanana na ya Tusker, maana utakuwa umemtia jibu mdomoni. Msomee mwingine kaulimbiu ya bia uliyoitunga tu, yenye umbo tofauti. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua. Jina kubwa sokoni hutajwa kwa lolote linalohusu bia. Ukiwauliza wanywaji kadhaa, likitajwa kwa zote mbili kwa kiasi kilekile, umbo lako halina kosa. Likitajwa zaidi kwa ile ya kwanza, una tatizo. Kipimo hiki si ushahidi wa kupeleka mahakamani, ambako utafiti wa wateja huhitaji sampuli na usimamizi mkali zaidi. Kazi yake ni kukuzuia kabla hujachapisha.

Kijana wa Kilifi alishindwa katika kipimo hicho. Alitaka kubadilisha "kiu" iwe "raha". Nikakataa, kwa kuwa angerudi kwenye mifupa ileile. Nilimwomba aandike jambo analotaka kulisema katika sentensi ya kuchosha. Akaandika: bia hii inatengenezwa Kilifi, na watu huinywa pamoja jioni. Kimilikishi hakimo. Umiliki haukuwa wazo lake. Ulikuja na umbo la kuazima. Jaribio lake la kwanza, "Joto la Pwani lina dawa yake," lilikuwa na umbo jipya, lakini kuiita pombe dawa ni kujiletea shida nyingine. La pili lilikuwa: "Jua likizama, twende barazani." Lina mizani sita kwa sita, lakini halina kimilikishi, halirudii neno, vina vimeachana, na ni mwaliko badala ya tamko la umiliki. Likarudishwa kwenye daftari na kwenye sikio kama kaulimbiu ya bangoni, kwa kuwa kaulimbiu iliyorekebishwa ni kaulimbiu mpya na huweza kugongana na mtu mwingine kabisa.

Mwenzangu atasema ninawapa makampuni makubwa umiliki wa mizani. Hoja hiyo ina uzito. Nne kwa nne si mali ya yeyote, na "yangu" si mali ya yeyote. Hakimu naye hataamua kwa kuhesabu silabi. Atatazama sifa, soko, na picha nzima anayobaki nayo mteja. Nayakubali yote hayo. Lakini mteja husikia kabla ya kusoma, na anachokihifadhi ni mwendo wa sentensi. Ndiyo maana kila idara ya masoko inayoandika kwa Kiswahili ingefaa iajiri mtu mmoja anayejua kutunga shairi, na impe mamlaka ya kukataa.