Fremu ya Meza ya Karakana: Kutoka Mistari ya Mchoro hadi Orodha ya Kukata

Nitaeleza fremu moja tu: meza ya kazi yenye urefu wa milimita 1200, upana 600 na kimo 800, ya bomba la mraba la 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 3. Nimeichora kwa SolidWorks.

Kwanza tunachora mistari mitupu, kisha amri ya Structural Member inavisha kila mstari bomba. Kwa kawaida mstari hupita katikati ya bomba. Mistari ikiwa imechorwa kwa vipimo vya nje, meza itatoka 1240 kwa 640, na kimo 820. Kwa hiyo fungua Locate Profile, uchague kona ya nje ya bomba ikae juu ya mstari. Hakiki kwa kupima ukingo hadi ukingo, si mstari hadi mstari.

Linalofuata ni nani anampisha nani. Fremu ya juu inakutana kwa kona za digrii 45, na miguu inasimama chini yake. Usipoikata miguu kwa Trim/Extend, itapenya ndani ya fremu ya juu bila kuonekana kwenye skrini, na orodha itasema 800. Fundi atakata 800 kwa uaminifu, na meza itazidi milimita 40. Mguu sahihi ni 760. Vishikizo vya chini navyo vinaishia kwenye nyuso za miguu.

Orodha yetu basi ni hii: vipande 2 vya 1200 na 2 vya 600, vyote digrii 45 kila ncha, miguu 4 ya 760, vishikizo 2 vya 1120 na 2 vya 520. Jumla ni milimita 9920.

Mabomba mawili ya mita 6 yanatosha, ila orodha haihesabu chuma kinacholiwa na diski. Tukichukulia milimita 3 kila mkato, bomba la kwanza linatoa 1200 mbili, 1120 mbili, 760 moja na 520 moja, likabaki kipande cha 62. La pili linatoa vilivyobaki na kuacha karibu mita 2, ambazo mteja ana haki ya kuziulizia.

Kuna jambo moja ambalo safu za LENGTH, ANGLE1 na ANGLE2 haziliweki wazi. Digrii 45 pande zote mbili zaweza kuwa mikato inayoelekeana au inayokwenda sambamba, na kipande cha mikato sambamba hakifungi kona ya fremu hii. Vilevile 1200 ni urefu wa upande mrefu, ncha hadi ncha. Upande wa ndani ni 1120. Fundi akiupima 1200 kwa ndani, kipande kitatoka 1280. Mimi huweka kichoro kidogo cha kipande pembeni mwa jedwali, kipimo kikiwa kwenye upande mrefu.